Kufuata mstari wa 1886: kutoka Vanga hadi Ziwa Victoria

Nimerudi Tanga juzi, nguo zimeshakauka, sasa nakaa na daftari na picha za simu. Safari yenyewe ilikuwa ya kufuata mpaka wa Kenya na Tanzania kutoka baharini hadi ziwani, nikiuvuka huku na huku kila penye kituo. Ukiutazama kwenye ramani unaona mistari miwili iliyonyooka, na katikati kuna kona inayozunguka Kilimanjaro. Nilitaka kuona kile ambacho mistari hiyo imekipita juu: mito, malisho, mashamba, koo za watu.

Jumamosi: Tanga, Horohoro, Vanga

Kosta ya Horohoro iliondoka saa moja na nusu asubuhi, nauli nikalipa 5,000. Lami ni nzuri mwanzo mwisho. Ukifika Horohoro usipange foleni upande wa Tanzania kama unatoka. Kituo ni cha pamoja, kwa hiyo unapita moja kwa moja hadi jengo la Lunga Lunga, na humo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa dirisha kwa dirisha. Huyu anakugongea muhuri wa kutoka, yule wa kuingia. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya manjano ya chanjo. Mimi niliulizwa kadi kabla ya kuulizwa jina.

Kutoka Lunga Lunga nilipanda boda hadi Vanga, shilingi 300 za Kenya baada ya kuvutana kidogo. Barabara inashuka kwenye minazi na mikorosho, kisha harufu ya matope ya mikoko inakupokea kabla hujauona mji. Vanga ni mji mdogo wa wavuvi, umebanwa kati ya bahari na mto Umba. Maji yakijaa pande zote mbili kwa pamoja, yanaingia majumbani. Nilikula wali wa nazi na changu wa kukaanga kwa 250, nikaongezewa mchuzi bila kuomba.

Hapa ndipo mstari ulipoanzia, kwenye karatasi. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwa barua kugawana bara lililo nyuma ya pwani ya Sultani wa Zanzibar. Maelezo ya mpaka hayazidi aya moja. Yanasema uanzie mdomo wa mto Wanga, yaani Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, upite upande wa mashariki wa ziwa na kulizunguka kaskazini, uvuke mto Lumi, upite katikati baina ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, ufuate miguu ya kaskazini ya Kilimanjaro, halafu uende moja kwa moja hadi pale latitudo ya digrii 1 Kusini inapogusa ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria. Basi. Sultani Barghash aliachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini, akaletewa makubaliano aridhie.

Niliyanakili maelezo hayo kwenye daftari, na kila nilipofika nilikuwa nayasoma nikitazama ardhi.

Jumapili: Jimbo na Jasini

Mwenyeji wangu, mzee mmoja Mvumba aliyestaafu uvuvi, alisema atanipeleka mwenyewe. Tulitoka baada ya alfajiri, kwa miguu, kufuata njia ya mikokoni hadi Jimbo. Tulipovuka Umba nikamuuliza, "Babu, si hapa mpaka ungeanzia?" Akasema, "Karatasi ya kwanza ndivyo ilivyosema. Ya pili ikausogeza."

Na ndivyo. Mto unaoingia baharini kupitia mikoko ni mwanzo mbaya wa mpaka: una vijito, unahama, na mji wa Vanga wenyewe uko pale pale mdomoni. Mwaka 1893 mataifa hayo mawili yakasogeza mwanzo hadi Ras Jimbo, kusini kidogo, mdomo wa Umba ukabaki upande wa Waingereza. Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, unapita nyikani kaskazini mwa Tanga, kisha unamalizikia Kenya. Mvua ikinyesha sana Lushoto, anayehamisha magodoro ni mtu wa Vanga. Babu alinionyesha ukutani alama ya matope ya mafuriko, juu kidogo ya goti langu. Nikamuuliza huwa wanapataje habari. "Kuna jamaa huko juu wanatupigia simu," akasema. "Mto ukibadilika rangi tunajua tunazo saa chache."

Jasini iko upande wa Tanzania, na kutoka Jimbo unaiona. Januari 1915 Wajerumani na Waingereza walipigana hapo kwa ajili ya mstari huohuo. Siku niliyofika mimi kulikuwa na mwanamke kajitwika ndoo ya ngisi, anatoka huku anakwenda huko, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Wadigo, Wavumba na Wasegeju wako pande zote, na harusi za wikendi hazijui forodha. Lakini akikamatwa na mzigo mkubwa wa samaki au mchele njia ya mikokoni, huo ni magendo, na kila mtu pale anajua kipimo cha mzigo kinapoanzia kuwa tatizo.

Ushauri wa vitendo: simu yako itaruka mtandao kila dakika. Funga huduma ya kuhamia mitandao ya nje kabla hujafika Jimbo, la sivyo salio litayeyuka ukiwa hujapiga simu hata moja.

Jumatatu na Jumanne

Kurudi Tanga, kulala, basi la Moshi. Segera, Korogwe, Mombo, Same. Joto, mikonge, sambusa za dirishani.

Jumatano: Taveta na Ziwa Jipe

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta, kwa hiyo nilipanga makusudi. Daladala kutoka Moshi hadi Holili ilikuwa 3,000, na ilijaa akina mama wenye vitunguu na nyanya. Mstari wa moja kwa moja kutoka baharini unaishia karibu na hapa, karibu kilomita 200 kutoka Ras Jimbo, na kuanzia hapa karatasi inaacha rula na kuanza kutaja majina ya watu: Taveta huku, Wachagga kule.

Pale sokoni, kijana aliyekuwa akinipimia ndizi alinipa hadithi ambayo kila mtu ameisikia, kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaiza Wilhelm mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, kwa kuwa Malkia alikuwa na milima miwili na mjukuu hana hata mmoja. Ni hadithi tamu, ila tarehe zinaikataa. Mpaka ulichorwa 1886, na Wilhelm wa Pili akawa Kaiza 1888. Aliyekuwa Kaiza mwaka 1886 ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza.

Sababu halisi inaonekana ukisimama Taveta. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa Kilimanjaro na kuchukua mikataba Taveta. Mwaka uliofuata Wajerumani wakafika Moshi kwa Mangi Rindi, wakapata wa kwao. Wakati wa kugawana, kila upande ukashika karatasi yake: Taveta ikaenda kwa Waingereza, Uchagga kwa Wajerumani, na mstari ukapinda ili upite katikati. Waingereza walikuwa wanaitaka Mombasa pia, na rula ikiendelea bila kupinda ingeupeleka mlima Kenya. Kwa hiyo ile kona ni alama ya mikataba miwili iliyogongana, ambayo machifu walioitia alama hawakuona ramani yake.

Mchana nikachukua boda hadi Ziwa Jipe, 700 za Kenya kwenda na kurudi pamoja na kusubiri. Barabara ni vumbi jekundu, upande mmoja mashamba ya mkonge, upande wa pili unaanza kuona milima ya Upare wa kaskazini ng'ambo ya ziwa. Karatasi ya 1886 ililiacha ziwa lote upande wa Wajerumani. Leo mpaka unapita ndani ya maji. Ila kwenye maji hakuna nguzo. Mvuvi aliyenipakia mtumbwini alinionyesha kwa kasia: "Ukiona ule mlima umelingana na huu mwiba, umeshakuwa Mtanzania." Nyavu, matundu yake na leseni zina sheria mbili, na mwenye mtumbwi anatakiwa azijue zote akiwa amekaa juu ya samaki walewale.

Kilichonikaa zaidi ni matete. Yamefunga ufuo wote, mtumbwi unapita kwenye kichochoro kilichokatwa kwa panga, na mvuvi anasema kila mwaka anakata upya. Lumi ndio unaolilisha ziwa. Unashuka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, Tanzania. Unapita mashamba ya Taveta, Kenya. Unaingia Jipe na udongo wote ulioukusanya njiani. Kisha maji yanatoka kwa jina la Ruvu, yanarudi Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni Pangani hadi baharini. Kati ya eneo lote linalomwaga maji Pangani, kama asilimia 5 tu iko Kenya, na upande wa Kenya wa Jipe uko kwenye asilimia hizo. Mkulima wa Rombo akilima hadi ukingoni, mvuvi wa Jipe anakata matete. Mvuvi akishindwa kuyakata, maji ya kwenda Nyumba ya Mungu yanapungua. Watu watatu ambao hawatakutana kwenye kikao cha kijiji kimoja kamwe.

Angalizo: viboko wapo. Usikubali kupandishwa mtumbwi jioni.

Alhamisi: Chala, Loitokitok, Tarakea

Matatu ya Taveta kwenda Loitokitok inapita lami nzuri, Kilimanjaro mkono wa kushoto safari nzima. Nilishuka njia panda ya Ziwa Chala nikatembea. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya buluu iliyoiva, kuta zake zinashuka wima, na mpaka unalikata katikati. Nilikaa ukingoni wa Kenya nikala machungwa, ng'ambo nikiona watalii wa upande wa Tanzania wakipiga picha za upande wangu.

Loitokitok ni mji wa baridi, mbuzi wa kuchoma ni 350 robo kilo. Kaskazini hapa mstari unarudi kwenye rula na haupindi tena hadi ziwani, zaidi ya kilomita 400. Nilivuka Tarakea, nikapigiwa muhuri bila foleni, nikalala Rombo kwa 20,000 chumba chenye maji moto.

Ijumaa: Namanga

Moshi, Arusha, kisha Noah ya Namanga kwa 8,000, watu tisa tuliobanana.

Mwaka 1886 wachoraji walijua nini kuhusu nchi hii? Kidogo sana. Wazungu wawili walikuwa wamepita Umasaini wakaandika: Gustav Fischer aliyefika Naivasha 1883, na Joseph Thomson aliyefika Ziwa Victoria mwisho wa mwaka huohuo. Njia mbili za miguu, na kila kilichobaki ni karatasi nyeupe. Ndiyo maana mstari ulichorwa 1886 lakini kazi ya kuutembea na kuupima ardhini kutoka Kilimanjaro hadi ziwani ilifanywa na tume ya pamoja miaka ya 1904 hadi 1906, wakiweka nguzo juu ya vilima na kuandika zilipo. Baina ya nguzo moja na nyingine kulikuwa na masafa marefu ya majani matupu. Miaka ya karibuni wapima wa nchi zote mbili wamekuwa wakiongeza nguzo katikati.

Mmasai aliyenipeleka kuona bikoni moja nje ya mji ni wa Ilkisongo. Boma la baba yake liko upande wa Longido, la mjomba wake liko upande wa Amboseli, na shangazi wawili wameolewa Loitokitok. Bikoni yenyewe ni nguzo fupi ya zege iliyopakwa chokaa, mbuzi wamejisugua hadi kona moja imekuwa laini. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, mvua ikikosa mnafanyaje?" Akacheka. "Tunafuata mvua. Mvua haina kitambulisho."

Lakini alinieleza pia upande usiochekesha. Malisho ya kiangazi na ya masika yako mbali, na sehemu nyingi mstari umeangukia katikati yake. Wamasai wa upande wa Waingereza walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, wakatolewa Laikipia na kusukumwa kusini, ambako hifadhi waliyopewa iliishia kwenye mstari huu. Kwa hiyo ng'ombe wengi zaidi, ardhi yenye ukingo. Oktoba 2017 serikali ya Tanzania ilikamata zaidi ya ng'ombe 1,000 waliovuka kutoka Kenya na kuwapiga mnada. Wazee wa Namanga bado wanauhesabu mwaka huo. "Wakati wa babu," alisema, "ukitaka kuchunga kwa watu unatuma mzee na tumbaku. Sasa unatuma nani? Mkuu wa wilaya?" Utaratibu wa wazee upo bado, na mara nyingi ndio unaofanya kazi. Unakwama pale tu ng'ombe wakishaandikwa kwenye karatasi ya polisi.

Kwa msafiri: wabadilisha fedha wa mtaani Namanga wanahesabu haraka kuliko macho. Tumia wakala wa simu au dirisha la benki, hata kama kiwango ni kibaya kidogo.

Jumapili: Serengeti kwa basi

Ziwa Natron nililiruka. Gari la kukodi kutoka Mto wa Mbu lilikuwa nje ya mfuko wangu. Nikachukua basi la Arusha hadi Musoma linalokatiza Ngorongoro na Serengeti. Nauli iko upande mmoja, tozo za hifadhi upande wa pili, kwa hiyo uliza jumla kabla ya kukata tiketi na uwe na kitambulisho cha taifa ili ulipe kama raia.

Kaskazini ya njia ile Serengeti inaitwa Maasai Mara, na nyumbu zaidi ya milioni moja wanavuka kila mwaka. Mtalii havuki. Mpaka ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, geti la Bologonja lilifungwa nao. Mpaka ukafunguliwa 1983, geti hilo halikurudi kwa watalii. Anayetaka kuona pande zote anazunguka hadi Sirari au Namanga.

Jumatatu na Jumanne: Kirumi na Sirari

Nilishuka daraja la Kirumi makusudi, nusu saa tu, kuutazama mto Mara. Ni wa rangi ya chai ya maziwa, mpana, mafunjo kila upande hadi macho yanachoka. Unaanzia msitu wa Mau, Kenya, kwa vijito vya Amala na Nyangores, na unasafiri karibu kilomita 400 hadi Ziwa Victoria. Takriban theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya, theluthi Tanzania. Mstari umeukata mahali pabaya: juu ni msitu, chai na mashamba ya kumwagilia, chini ni Serengeti, kinamasi hiki na vijiji vya wavuvi. Msitu wa Mau ukikatwa, kiangazi maji yanakuwa haba mno na masika yanakuja kwa kishindo, na yote mawili yanapokelewa upande wa pili. Mwaka 2015 nchi hizi zilitia saini makubaliano ya kusimamia bonde hilo kwa pamoja. Muuza samaki wa darajani hakuhitaji makubaliano kujua: "Kiangazi mwezi mzima hata kambale wanakuwa wadogo, kaka. Wakikata miti kule, sisi tunaona huku."

Sirari na Isebania ni mji mmoja wenye majina mawili. Wakuria wapo pande zote, Tarime huku, Kehancha kule, na koo kama Abakira, Abairege, Abanyabasi na Abagumbe zimegawanyika juu ya mstari. Nililala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, 15,000 na chai ya asubuhi. Shamba lake la mahindi liko Tanzania, kisima anachotumia kiko Kenya, na watoto wawili wanasoma pande tofauti kwa sababu ya ada. Kesi ya mipaka ya mashamba au ng'ombe wa wizi inapelekwa kwanza kwa wazee wa ukoo, kwenye baraza lao liitwalo iritongo, na wazee wanatoka pande zote mbili. Nikamwuliza kama polisi hawaingilii. "Wanaingilia," akasema, akimimina chai. "Wanakuja kuuliza wazee wamesemaje."

Jumatano: ufuoni

Kutoka Sirari nilizunguka Tarime na Shirati, sasa ni nchi ya Wajaluo, nao pia wako pande zote, hadi Kirongwe, kituo kidogo karibu na ziwa. Boda 10,000, barabara inatetemesha meno. Kaskazini kidogo ni Muhuru, Kenya, na hapa ndipo karatasi ya 1886 inapoishia, kwenye digrii 1 Kusini. Hakuna kitu cha kuona zaidi ya mitumbwi na dagaa walioanikwa juu ya nyavu. Nilinunua dagaa kilo mbili, 12,000.

Mstari wenyewe haukuishia hapa. Mkataba wa Julai 1890 uliuvusha ziwa kwa digrii ileile, ukatokea ng'ambo na kukata ardhi kaskazini ya mto Kagera bila kuuangalia mto. Kipande kilichobaki baina ya mto na mstari, upande wa Tanzania, ndicho Idi Amin alichodai na kuvamia Oktoba 1978. Meli ya Mwanza hadi Bukoba inaondoka jioni na kufika alfajiri. Kutoka Bukoba kuna magari ya Mutukula kila asubuhi. Aliyewahi kupita karibuni aniandikie nauli ya sasa, nataka kwenda kabla ya masika.